Trasi ya mita 8: kingposti inanitokea −30, majibu yanasema 6. Nimekosea wapi?

Kipimo_Kondele

Habari za jioni wadau. Nina trasi ya paa ya zoezi, naitatua kwa kwenda jointi baada ya jointi, na nimekwama. Upana ni mita 8, kimo katikati mita 3. Nimeipa kila jointi herufi, vipimo kwa mita:

```
chini:  A(0,0)   G(2,0)   C(4,0)   H(6,0)   E(8,0)
juu:    B(2,1.5)   F(4,3)   D(6,1.5)
```

Rafta ni A-B-F upande mmoja na E-D-F upande wa pili. Taibimu ni A-G-C-H-E. Kingposti ni F-C. Kuna strati B-C na D-C, halafu viwima viwili vifupi, B-G na D-H. Uzito ni kN 6 kwenda chini pale B, F na D, na kN 3 kwenye kila ncha, A na E. A imefungwa, E iko kwenye rola.

Nimepata AB 15, AG 12, BG sifuri, BC −5. Hadi hapo nakubaliana na majibu niliyopewa. Lakini BF inanitokea +20 wakati jibu ni 10 ya kubanwa, na kingposti FC inanitokea −30 wakati jibu ni 6 ya kuvutwa. Nimerudia mara tatu, zinatoka zile zile.

Swali la pili ni dogo. Kama BG ni sifuri, mbona iko kwenye mchoro? Si ni kupoteza chuma?

Fundi_Lurambi

Kijana, umeanza vibaya tangu mwanzo. Jumla ya mzigo ni 6+6+6+3+3 = 24, kila egemeo linabeba 12. Sasa 12 ukigawanya kwa 0.6 ni 20. AB ni 20, si 15. Rekebisha hapo kwanza, hayo mengine yatajipanga.

Na kwa paa huhitaji hesabu ndefu. Cha wima huvutwa, cha mshazari hubanwa, rafta hubanwa, taibimu huvutwa. Ukishajua hivyo unaweka alama na kuendelea na kazi.

Rula_na_Kamba

@Fundi_Lurambi egemeo ni 12 kweli, hapo uko sawa. Lakini pale pale A kuna kN 3 inayosukuma chini moja kwa moja juu ya ukuta. Jointi A inaona 12 kwenda juu na 3 kwenda chini, kwa hiyo kinachobaki cha kuinua trasi ni 9. 9 ÷ 0.6 = 15. Mzigo wa nchani haupiti kwenye memba yoyote, unatoka paani unaingia ukutani. Ukiusahau, namba nyingi za mbele zinavimba.

@Kipimo_Kondele kosa lako si la hesabu, ni la mshale. Nitakisia ulivyofanya, uniambie kama nimekosa. Ulipokuwa A, uliona AB lazima isukume jointi chini ili kupambana na ile 9, ukachora mshale kwenye AB unaoelekea chini kushoto, kuingia A. Sawa kabisa. Ulipohamia B ukachora mshale ule ule, upande ule ule, chini kushoto. Lakini ukiwa B, mshale wa chini kushoto *unatoka* kwenye jointi. Umegeuza memba inayobanwa ikawa inayovutwa kwa sababu tu umehama ncha.

Memba inayobanwa husukuma jointi zake zote mbili. Ikiwa A inasukumwa chini kushoto, B inasukumwa juu kulia. Mshale hugeuka ukivuka memba. Kinachobaki vile vile ni alama.

Kipimo_Kondele

Umenisoma kama kitabu. Ndivyo nilivyofanya, niliburuta mshale kutoka A hadi B. Lakini basi mbona BC imetoka sawa? Kama AB ilikuwa imegeuka, si BC nayo ingeharibika?

Rula_na_Kamba

Hilo ndilo swali zuri la uzi huu. Kwanza tuone hesabu yako ilivyokwenda. Mimi nachukulia kila memba isiyojulikana kwamba inavutwa, mshale unatoka kwenye jointi. Jibu likija hasi, inabanwa. Pale B, kwa mlalo na kwa wima:

```
mlalo:  -0.8 AB + 0.8 BF + 0.8 BC = 0
wima:   -0.6 AB + 0.6 BF - 0.6 BC - 6 = 0
```

BG haimo kwa kuwa ni sifuri. Ukirahisisha, BF + BC = AB, na BF − BC = AB + 10. Weka AB = −15 kama inavyotakiwa: jumla ni −15, tofauti ni −5, basi BF = −10 na BC = −5. Sasa weka +15 kama ulivyofanya: jumla 15, tofauti 25, BF = +20 na BC = −5. Umeona? BC haikuguswa na kosa lako.

Sababu ni hii. AB na BF ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka, ni rafta moja. Hebu geuza karatasi mpaka rafta ilale sawa, kisha uhesabu kani zinazoikata rafta kwa pembe mraba tu. AB haina chochote upande huo. BF haina. Wanaobaki ni wawili, mzigo wa 6 na strati BC. Sehemu ya 6 inayoigonga rafta kwa mraba ni 6 × 0.8 = 4.8. BC inaikata rafta kwa nyuzi 73.7, ambayo ni mara mbili ya mwinuko wa paa wa 36.9, na sin yake ni 0.96. 4.8 ÷ 0.96 = 5. Mzigo unasukuma rafta ndani, strati inaizuia, kwa hiyo BC inabanwa. Mstari mmoja wa hesabu, wala hukuhitaji kujua AB ni ngapi.

Kosa lako lingejulikana ungefika C. Hapo hakuna mzigo, hivyo kwa wima kingposti pamoja na strati mbili lazima zitoe sifuri. Kwa namba zako: −30 + 0.6(−5) + 0.6(−5) = −36. Haifungi hata kidogo. Kwa namba sahihi: 6 − 3 − 3 = 0. Usimalize trasi bila kufika kwenye jointi ambayo hukuihitaji kupata majibu. Hiyo ndiyo shahidi wako.

Kipimo_Kondele

Sasa imeingia. F nimerudia: rafta mbili kila moja −10, zinasukuma F juu kwa 6 + 6 = 12, mzigo wa 6 unashuka, inabaki 6 ya kuvutwa chini na kingposti. FC = +6. Asante sana.

Bado BG.

Fundi_Lurambi

BG ni ya mapambo, omera. Hapa Kakamega tunaiacha kwenye paa nyingi za mabati na hakuna iliyoanguka. Hata wewe umehesabu ukapata sifuri.

Na nikiongeza: kingposti nayo ni hivyo hivyo. Pale F zinakutana memba tatu, rafta mbili na kingposti. Si kanuni inasema zikikutana tatu, ya katikati ni sifuri?

Chaki_Nyeupe

Hapana, fundi wangu, hapo kanuni umeikata miguu. Ina masharti mawili na yote lazima yatimie. La kwanza, katika hizo tatu, mbili ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. La pili, kwenye jointi hiyo kusiwe na mzigo wala egemeo.

Angalia G. AG na GC ni taibimu moja iliyonyooka, BG imesimama juu yake, hakuna mzigo pale. Ni nani wa kupambana na BG kwa wima? Hakuna. Basi ni sifuri. Masharti yote yapo.

Angalia F. Rafta mbili zimepindana kileleni, hazinyooki. Sharti la kwanza limeanguka. Kuna kN 6 juu yake, la pili nalo limeanguka. Ukiita FC sifuri, ule msukumo wa 12 wa rafta na mzigo wa 6 havilingani, na jointi inaruka juu.

Angalia B pia, maana wanafunzi wengi hunaswa hapo. AB na BF zimenyooka, ukishatoa BG inabaki BC peke yake, mtu anafurahi anaandika sifuri. Lakini kuna 6 imekaa pale. Ndiyo maana BC ni 5.

Kuna kanuni ya pili, ya jointi yenye memba mbili tu zisizonyooka na isiyo na mzigo: zote mbili ni sifuri. Katika trasi hii haipo pa kutumika, kwa sababu jointi zenye memba mbili ni A na E, na zote zina egemeo. Nimewahi kusahihisha karatasi ambapo A imepewa sifuri mbili kwa kanuni hiyo. Paa zima linaelea.

Na ile kauli ya "cha wima huvutwa, cha mshazari hubanwa" ni kweli kwa umbo hili chini ya mzigo wa kushuka. Geuza mishazari ielekee upande mwingine na mambo yanabadilishana. Usiifanye sheria.

Mbao_Njoro

Nimefuatilia. Mimi swali langu ni la kazi, si la darasa. Nina trasi za mbao umbo hili hili, mita 8, kimo 3. Mwenye nyumba anataka tangi la maji la lita 1000 ndani ya dari, likae juu ya taibimu za trasi mbili, hapo hapo kwenye G. Kiwima BG kimepigwa misumari miwili ya mshazari kwa sababu tuliambiwa hakibebi kitu. Ni sawa au niongeze?

Rula_na_Kamba

Simamisha kazi hapo kwanza. Umeweka mzigo kwenye G, sharti la pili halipo tena, na BG si sifuri.

Lita 1000 ni kilo 1000, karibu kN 10. Likigawanyika sawa kwa trasi mbili, kila moja inapata 5 kwenye G. Nitahesabu tangi peke yake, wewe utajumlisha na za paa lako.

G iko mita 2 kutoka A. Egemeo la A linabeba 5 × 6 ÷ 8 = 3.75, E inabeba 1.25. Pale A: AB = −3.75 ÷ 0.6 = −6.25, na AG = +5. Pale G: GC = +5, na BG lazima ibebe tangi lote, BG = +5, inavutwa. Yaani BG inalining'iniza tangi kutoka kwenye rafta. Misumari yako miwili ya mshazari inashika karibu na ncha ya mbao tu, na msumari unaong'olewa hushika vibaya. Ukivutwa unateleza. Weka vibao pande zote mbili, juu pale B na chini pale G, misumari ipite kwa upana wa mbao ili mzigo uikate badala ya kuing'oa.

Pale B sasa: BF + BC = −6.25, na BF − BC = −6.25 + 8.33 = 2.08. BF = −2.08, BC = −4.17. Angalia: tangi liko chini, lakini strati inabanwa, kwa sababu BG inaivuta B chini sawasawa na mzigo wa juu ulivyokuwa unaisukuma.

Chaki_Nyeupe

Na tazameni upande wa pili wa trasi hiyo hiyo, ni mfano mzuri wa sifuri zinazofuatana. Kwa tangi peke yake, hakuna mzigo pale H wala D. H: taibimu imenyooka, DH ni sifuri. Sasa nenda D huku ukiwa umeshaifuta DH: zimebaki DE, DF zilizonyooka, na DC. Hakuna mzigo. DC nayo ni sifuri! Strati ya upande wa kulia imelala usingizi huku ya kushoto inabanwa 4.17. Ungeitazama D kabla ya kufuta DH ungeona memba nne na ungesema haiwezekani. Ndiyo maana ukishafuta moja unazunguka tena trasi nzima.

Hakikisheni pale C: kingposti inatoka 2.5 ya kuvutwa, 0.6 × 4.17 ni 2.5. Inafunga.

Lakini rudisheni mzigo wa paa na DC inaamka. Sifuri ni ya memba *na mzigo ule*, si ya memba peke yake.

Mbao_Njoro

Kwa hiyo nikilisogeza tangi hadi C katikati, BG itarudi kuwa sifuri?

Rula_na_Kamba

Ndiyo, BG na DH zote, na strati BC na DC nazo zinakuwa sifuri kwa tangi hilo, kwa sababu B na D hazitakuwa na cha kuzuia. Tangi lote linabebwa na kingposti kwa kuvutwa, inatundikwa kileleni, kisha inashuka kwa rafta. kN 5 zinaongezwa kwenye kingposti. Basi jointi za F na C ndizo zitakazokuuliza maswali. Kingposti ya mbao iliyochomekwa tu kati ya rafta mbili kana kwamba inazishikilia kwa chini ndiyo naiona zaidi kuwa mbovu. Jina lake linawadanganya watu, linafanana na nguzo, kumbe inaning'inia.

Kipimo_Kondele

Sawa, kwa tangi nimeelewa. Kwa trasi yangu isiyo na tangi, je, nikiifuta BG kabisa?

Chaki_Nyeupe

Hesabu memba na jointi. Sasa hivi una memba 13 na jointi 8. 13 + 3 za maegemeo = 16, na 2 × 8 = 16. Inatosha barabara.

Ukitoa BG na DH kuna njia mbili. Ikiwa taibimu kutoka A hadi C ni kipande kimoja kizima, G si jointi tena, ni sehemu tu ya mbao. Unabaki na memba 9 na jointi 6: 9 + 3 = 12. Bado inasimama, na kani zote nyingine hazibadiliki.

Lakini ikiwa taibimu imeungwa pale G, na hilo ni jambo la kawaida kwa mbao zisizofika mita 8, basi G bado ni jointi. Umetoa BG tu: memba 12 + 3 = 15, zinahitajika 16. Pale G pana bawaba isiyoshikwa na kitu kwa wima. Kwa hesabu ya karatasi kani ni sifuri, lakini ukiweka hata dari ya mbao nyepesi kiungo kinashuka. Fundi_Lurambi anaposema hakuna lililoanguka, huenda taibimu zake ni nzima pale G, au vibao vya kuungia ni virefu kiasi cha kuzuia kupinda. Si kwa sababu BG ni pambo.

Fundi_Lurambi

Sisi tunaungia karibu na C, kando ya kingposti. Sawa, nimekuelewa hapo. Lakini kwa taibimu nzima bado naona si lazima.

Nyota_ya_Chuma

Niingie kwa upande wa chuma, maana Kisumu hapa upepo wa alasiri wa kutoka ziwani hauulizi. Mmekaa kwenye mzigo wa kushuka tu. Paa la mabati ni jepesi, na upepo hulinyonya juu. Kipimo, chukua trasi yako, tuseme baada ya kutoa uzito wa paa bado kuna kN 2 inayoinua kila jointi ya B, F na D, na 1 kwenye ncha. Huna haja ya kuanza upya. Mzigo ni theluthi ya ule wa mwanzo, umegeuzwa. Kila namba igawe kwa 3, ugeuze alama:

AB +5, BF +3.3, BC +1.7, AG na GC −4, FC −2. BG bado 0.

Taibimu sasa inabanwa kN 4! Nimeona trasi ambazo taibimu ni flatbaa ya milimita 40 kwa 5 kwa sababu "hiyo inavutwa tu". Kwa kuvutwa ni kweli haina shida: kN 12 kwa eneo la milimita mraba 200 ni N 60 kwa kila milimita mraba, na chuma cha kawaida hufika 250 hivi kabla ya kulegea. Lakini ibane. Upande wake mwembamba, hata ukihesabu urefu wa mita 2 tu, inajikunja kwenye takriban kN 0.2. Umeomba 4. Mara ishirini! Ndiyo maana natumia chuma cha L au bomba la mraba chini hata kama hesabu ya kushuka inasema flatbaa inatosha.

Na hapo ndipo BG inapolipa mshahara wake. Taibimu ikibanwa, BG inaishika G isipande wala kushuka, urefu wa kujikunja unatoka mita 4 hadi 2, na nusu ya urefu ni mara nne ya uwezo. Kani ndani ya BG ni karibu na sifuri, lakini ukiitoa unapoteza robo tatu ya uwezo wa taibimu kwa upande wa juu na chini.

Rula_na_Kamba

Nakubali, kwa nyongeza moja: BG haizuii taibimu kwenda pembeni, yaani kutoka nje ya uso wa trasi. Kwa hilo unahitaji chuma cha kuunganisha trasi moja na nyingine huko chini. Nimeona watu wanaweka BG halafu wanajiona wamemaliza.

Chaki_Nyeupe

Nyota, theluthi yako ni njia safi ya kufundishia, lakini upepo hunyonya mabati kwa mraba wa mteremko, hauinui wima. Kwa mwinuko wa nyuzi 37 hiyo si tofauti ndogo. Tena upande unaokabili upepo unaweza kusukumwa ndani huku wa nyuma ukinyonywa, mzigo si linganifu, na E ikiwa kwenye rola, A inabeba mlalo wote. Alama za strati mbili zinaweza kutofautiana.

Nyota_ya_Chuma

Sipingi. Ila hata kwa kukadiria, alama ya taibimu ndiyo ninayotaka aione. Mlalo wote wa upepo ukiingia A, naona AG ndiyo itakayoumia au kupona, inategemea upepo unatoka upande gani. Wewe ungeanza na upepo wa kutoka upande wa A au wa E?

Chaki_Nyeupe

Zote mbili, halafu kila memba inachukua mbaya zaidi ya kuvutwa na mbaya zaidi ya kubanwa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Fundi_Lurambi

Swali la mwisho kabla sijalala. Mabati yanakaa kwenye palini, na palini siziweki B na F tu. Naziweka kila mita moja hivi kwenye rafta, maana bati lenyewe linahitaji. Hesabu yenu inazionaje?

Rula_na_Kamba

Haizioni. Njia ya jointi inajua mizigo iliyo kwenye jointi tu. Palini iliyo katikati ya A na B unaigawa kwenye jointi mbili za jirani kwa kadiri ya umbali, ndivyo unavyopata zile 6 na 3. Lakini rafta yenyewe, juu ya kubanwa 15, inapinda kwa palini hizo, na kupinda huko lazima ukuhesabu kando. Kwa rafta ya mbao mara nyingi kupinda ndiko kunakoamua ukubwa, si ile 15.

Fundi_Lurambi

Basi kwa nini usiweke palini kwenye jointi tu na kuongeza jointi?

Nyota_ya_Chuma

Kwa chuma ndivyo ninavyofanya, naongeza mishazari hadi kila palini ikae juu ya jointi. Uchomeleaji unaongezeka, rafta inakuwa nyembamba. Kwa mbao jointi ni ghali kuliko mbao.

Mbao_Njoro

Kwa mbao naona heri rafta nene. Kila jointi ni misumari na vibao, na kila kibao ni mahali pa kukosea.

Rula_na_Kamba

Hapo kila mtu na soko lake, sitabishana.

Kipimo_Kondele

Nimechora upya. Mishale yote nimeiweka karibu na jointi badala ya katikati ya memba, kila memba ina miwili. AB, BF, BC zinasukuma ncha zote mbili. AG, GC, FC zinavuta ncha zote mbili. BG nimeiacha na 0 pembeni. Nimefunga C na E, zote zinatoka sifuri. Kesho najaribu tangi kwenye H badala ya G, nione kama nitapata kioo cha namba za Rula.

Rula_na_Kamba

Utapata. Usinakili tu, anza E.